Safari ya ũ na ĩ: Herufi zilizokuwa na nafasi Greenland kabla ya kupata nafasi kwetu

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini mwangu na karatasi tatu mkononi. Akaziweka mezani moja baada ya nyingine, kama mchezaji wa karata aliyechoka kushindwa. "Profesa, hebu nisomee jina langu," akaniambia.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya kumkaribisha katika taasisi moja, ambayo sitaitaja. Ilianza hivi: "Mpendwa M&#361;thoni". Ya pili, matokeo yake ya mtihani aliyoyachapisha kutoka kwenye tovuti ya taasisi hiyo hiyo, ilimwita "MÅ©thoni". Ya tatu ilikuwa rasimu ya orodha ya mahafali, na humo alikuwa "M?thoni". Jina lenyewe ni Mũthoni, la nyanya yake mzaa baba, na aliliandika sawasawa kila alipotakiwa kulijaza. Shida yake haikuwa urembo wa jina. Mhasibu alipotafuta "Mũthoni" kwenye kompyuta hakumpata, na kwa kuwa hakumpata, karo aliyolipa ilionekana kama haikulipwa. Binti wa watu alikuwa hatarini kukosa mahafali kwa sababu ya kiwimbi kimoja.

Wenzangu wengi wangesema, "Si aandike Muthoni tu, kama kitambulisho kinavyoandika?" Jibu hilo ni rahisi, lakini halielezi kitu. Mbona jina moja, katika taasisi moja, liharibike kwa namna tatu tofauti? Msomaji, kila uharibifu katika zile karatasi una historia yake, na ukiijua historia hiyo, utaweza kuitazama takataka iliyo kwenye skrini na kusema ilitokea wapi. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia leo.

Tuanze na sauti zenyewe. Kiswahili kina irabu tano, na alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za irabu, kwa hivyo wawili hao walioana bila mahari kubwa. Kikuyu kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Ile ũ hutamkwa karibu na o ya Kiswahili, ila ulimi huinuka zaidi kidogo, nayo ĩ hutamkwa karibu na e. Ndiyo maana mgeni akisikia jina Ngũgĩ likitamkwa na mwenyewe hudhani ameambiwa "Ngoge". Kikamba, Kimeru na Kiembu navyo hutumia ĩ na ũ. Herufi zilikuwa tano na sauti saba, na katika maandishi yaliyoenea pengo hilo lilizibwa kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u. Wataalamu hukiita kiwimbi hicho tilda.

Enzi ya kalamu, jambo hilo halikumsumbua mtu. Enzi ya taipureta lilianza kusumbua. Nakumbuka tasnifu yangu ya uzamili katika miaka ya themanini. Karani aliipiga chapa yote kwa herufi tupu, kisha nikakaa siku mbili na kalamu ya wino mweusi nikiweka viwimbi kwa mkono kwenye mifano ya Kikuyu, ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa kazi ya punda, lakini ilikuwa na faida moja: kiwimbi nilichokiweka kilikaa pale pale. Hakuna msomaji aliyefungua tasnifu ile akakuta kimegeuka alama ya kuuliza.

Kompyuta ilileta jambo jipya. Haihifadhi herufi, huhifadhi nambari. Ili nambari iwe herufi tena, lazima kuwe na jedwali linalosema nambari fulani ni herufi fulani, na mwandishi na msomaji lazima watumie jedwali moja. Matatizo yote ya yule mwanafunzi yametoka hapo.

Jedwali lililoenea kwanza ni lile la Marekani la miaka ya sitini, liitwalo ASCII. Lilikuwa na nafasi 128 tu, za kutosha herufi za Kiingereza kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uakifishaji na amri za mashine. Kiswahili sanifu kiliingia humo bila kupigwa jeki. Herufi zetu zote zimo, na hata ng' inapatikana kwa kutumia alama moja iliyo wima, nambari 39. Bahati hiyo ndiyo iliyotufanya sisi wa Kiswahili tulale usingizi kwa miaka mingi tukidhani kwamba tatizo ni la wengine.

Kompyuta hupanga nambari katika mafurushi yaitwayo baiti, na baiti moja inaweza kubeba nambari 0 hadi 255. ASCII ilitumia nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili wazi, na kila eneo likaijaza kwa mahitaji yake. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa jedwali ISO 8859-1, lijulikanalo pia kama Latin-1, kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Tilda imo humo. Imo juu ya a na o kwa ajili ya Wareno, na juu ya n kwa ajili ya Wahispania. Juu ya i na u haimo, kwani hapakuwa na lugha ya Ulaya Magharibi iliyoihitaji. Kwa hivyo kompyuta za Nairobi zilizotumia jedwali hilo ziliweza kuandika São Paulo lakini si Gĩkũyũ.

Ajabu ni kwamba ĩ na ũ hazikukosekana kila mahali. Mwaka uliofuata, 1988, lilitoka jedwali jingine, ISO 8859-4, kwa ajili ya lugha za Baltiki, Kisami na Kigrinilandi. Tahajia ya zamani ya Kigrinilandi, iliyotumiwa hadi ilipobadilishwa mwaka 1973, iliweka tilda juu ya irabu. Kwa hivyo jedwali hilo liliweka ĩ katika nafasi ya 181 na ũ katika nafasi ya 253. Herufi za Mlima Kenya zilipata makao ya kwanza katika viwango hivyo vya kimataifa kwa hisani ya watu wa kwenye barafu, tena kwa tahajia ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha!

Lakini makao hayo hayakutufaa, na hebu tuone kwa nini. Tuseme umeandika "Gĩkũyũ" kwa jedwali la 8859-4 na kumpelekea rafiki ambaye kompyuta yake inatumia Latin-1. Kompyuta yake inapokea nambari zile zile ulizotuma, haijapoteza hata moja. Lakini kwenye jedwali lake nambari 181 ni µ na nambari 253 ni ý. Atasoma "Gµkýyý". Akiwa na jedwali la Kituruki, ile 253 itakuwa ı, yaani i isiyo na nukta. Nambari ni moja, herufi ni tatu, na faili yenyewe haina popote inapotangaza ni jedwali gani lililokusudiwa.

Watu wetu walifanya nini? Walitafuta njia za panya, na njia kuu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuazima herufi za Kifaransa. Latin-1 ina î katika nambari 238 na û katika nambari 251, zenye kofia badala ya kiwimbi, kwa hivyo wengi wakaandika Gîkûyû. Hadi leo utakutana na tahajia hiyo, na vijana wengine hudhani kuwa ndiyo asili. Njia ya pili ilikuwa kutengeneza fonti ya udanganyifu. Fundi alichukua fonti ya kawaida, akafuta mchoro wa herufi isiyotumiwa sana, akachora ũ mahali pake. Kwenye skrini na kwenye karatasi kila kitu kilionekana sawa. Ila ndani ya faili nambari ilikuwa bado ya ile herufi ya zamani. Ukifungua faili hiyo kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, maandishi yanageuka ghafla kuwa kitu kingine. Kuna miswada iliyoandikwa kwa njia hiyo ambayo leo husomeki hadi umpate mwenye fonti.

Suluhisho lilianza kufikiriwa mwaka 1987, wakati Joe Becker wa kampuni ya Xerox na wenzake Lee Collins na Mark Davis wa Apple walipoanza kuulizana kama inawezekana kuwa na jedwali moja la maandishi yote ya dunia. Agosti 1988 Becker aliandika pendekezo lake na kuliita jedwali hilo Yunikodi. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 1991. Humo ĩ ilipewa nambari 297 na ũ nambari 361, na nambari hizo ni zao peke yao. Hapana Mturuki wala Mreno anayezishiriki. Wataalamu huziandika kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, U+0129 na U+0169, lakini ni nambari zile zile. Sasa rudi kwenye karatasi ya kwanza ya mwanafunzi wangu. Unaiona ile 361? Tutaifikia.

Palibaki swali moja. Nambari 361 haiingii katika baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni njia ya kuzipakia nambari za Yunikodi ndani ya baiti, njia tunayoiita leo UTF-8. Inasemekana michoro ya kwanza ilifanywa kwenye karatasi ya kutandikia meza, katika mkahawa mmoja wa New Jersey. Busara ya njia hiyo iko hivi: zile herufi 128 za ASCII zinabaki kama zilivyo, baiti moja kwa kila herufi, na nyingine zote hutumia baiti mbili au zaidi, ya kwanza ikitangaza ni ngapi zinafuata. Kwa UTF-8, ũ ni baiti mbili, 197 na 169. Nayo ĩ ni 196 na 169. Jina Mũthoni lina herufi saba lakini baiti nane.

Hapo ungedhani hadithi imekwisha. Kwa upande wa jedwali, ilikuwa imekwisha. Kurasa za mtandao, hata hivyo, zilizaliwa ndani ya Latin-1. Kiwango cha HTML cha mwaka 1995 kilitaja ISO 8859-1 kuwa ndilo jedwali lake. Januari 1997 ulitolewa waraka, RFC 2070, uliohamishia HTML kwenye jedwali la Yunikodi na kuleta pia sifa iitwayo `lang`, na mwishoni mwa mwaka huo HTML 4.0 ikayathibitisha hayo. Lakini mamilioni ya kurasa, hifadhidata na programu zilikuwa tayari zimejengwa kwa mazoea ya zamani. Leo zaidi ya asilimia 95 ya tovuti hutumia UTF-8, na hizo chache zilizosalia, pamoja na hifadhidata zilizofichika nyuma ya tovuti zinazoonekana za kisasa, ndizo zinazotutesa.

Sasa tuzisome zile karatasi tatu, na tuanze na ya pili, ile ya "MÅ©thoni", kwa kuwa ndiyo rahisi.

Jina lilihifadhiwa vizuri kwa UTF-8: 77 ambayo ni M, kisha 197 na 169, kisha zilizobaki. Ukurasa wa matokeo haukueleza kwamba maandishi yake ni UTF-8. Kivinjari kikikuta ukurasa usio na kibandiko, mara nyingi hukisia jedwali la `windows-1252`, ambalo ni Latin-1 iliyoongezewa alama kadhaa. Katika jedwali hilo 197 ni Å na 169 ni ©. Basi badala ya kuona herufi moja ya baiti mbili, kivinjari kiliona herufi mbili za baiti moja moja. Kila ukiona ũ imegeuka Å© na ĩ imegeuka Ä©, jua hilo ndilo lililotokea. Habari njema ni kwamba hakuna kilichopotea. Ni kama chupa ya dawa iliyobandikwa karatasi isiyo yake: dawa ni nzima, badilisha kibandiko. Hatari ipo pale karani mwenye bidii anapoyanakili maandishi hayo yaliyoharibika na kuyahifadhi upya. Hapo kosa linaingia ndani ya chupa, na likirudiwa mara ya pili unapata mlolongo kama "Ã…Â©".

Karatasi ya kwanza, ile ya "M&#361;thoni", ilitoka kwenye fomu ya maombi. Ukurasa wa fomu hiyo ya zamani ulijitangaza wazi kuwa ni `windows-1252`. Mtu anapojaza fomu na kubonyeza kitufe cha kutuma, kivinjari hutuma maandishi kwa jedwali la ukurasa wenyewe. Mwanafunzi alipiga ũ, herufi ambayo jedwali hilo halina. Kivinjari hakikutaka kuitupa, kwa hivyo kiliiandika kwa njia ya HTML ya kutaja herufi kwa nambari yake ya Yunikodi: `&#361;`. Maandishi hayo yakionyeshwa tena ndani ya ukurasa wa HTML hugeuka ũ, na mtu hajui kuna kasoro. Lakini programu ya kuandika barua haijui HTML. Iliyachapa jinsi ilivyoyapokea, na mhasibu alipotafuta "Mũthoni" kompyuta ilimwambia hayupo, maana aliyemo ni "M&#361;thoni". Uharibifu huu nao unarekebishika, kwani nambari ya herufi imehifadhiwa.

Karatasi ya tatu ndiyo ya kuhuzunisha. Orodha ya mahafali ilitoka kwenye hifadhidata ya zamani iliyowekwa kwa Latin-1. Jina lilipohamishiwa humo, hifadhidata iliitafuta ũ kwenye jedwali lake, ikaikosa, na badala yake ikaandika alama ya kuuliza. Alama hiyo si picha ya ũ iliyopotoshwa. Ni alama ya kuuliza hasa, nambari 63. Herufi ya asili haipo tena popote katika faili ile. Ukiwa na "M?thoni" unaweza kubahatisha, lakini ukiwa na "W?r?" utabahatisha nini? Kwa majina kama hayo dawa ni kumrudia mwenye jina na kumuuliza.

Zipo dalili nyingine mbili ambazo msomaji anaweza kukutana nazo. Ukiona almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, �, hiyo ni kinyume cha karatasi ya pili: maandishi ni ya zamani, labda "Mûthoni" ya Latin-1, lakini yanasomwa kama UTF-8. Baiti 251 peke yake haina maana katika UTF-8, basi kivinjari kinatangaza kwamba kimeshindwa. Ukiona kisanduku kitupu, kwa kawaida maandishi ni sawa na jedwali ni sawa, ila fonti haina mchoro wa herufi hiyo. Badilisha fonti, usiguse maandishi.

Wasomaji wa safu hii watauliza: Kiswahili kinahusikaje, wakati herufi zetu zote zimo katika ASCII? Kinahusika kupitia ng'ombe. Programu za kuandikia zina tabia ya kuigeuza alama iliyo wima, ' yenye nambari 39, kuwa ile iliyopinda, ’ yenye nambari 8217. Huonekana nadhifu zaidi. Lakini iliyopinda haimo katika ASCII, na kwa UTF-8 huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Ukurasa usio na kibandiko huzisoma kama â, € na ™. Matokeo yake ni "ngâ€™ombe", neno ambalo naamini kila mhariri wa Kiswahili amewahi kulitazama kwa hasira. Ukurasa mzima unasomeka vizuri, isipokuwa ng'ombe, ng'ambo, Murang'a na Thiong'o.

Hata pale zinapoonekana sawa, alama hizo mbili si kitu kimoja. Anayetafuta Ng'ang'a kwa alama ya wima anaweza kumkosa Ng’ang’a wa alama iliyopinda. Kadhalika ũ. Yunikodi inaruhusu kuiandika kwa njia mbili: kama herufi moja, nambari 361, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi cha kupachikwa, nambari 771. Macho hayatofautishi. Kwa njia ya kwanza neno Gĩkũyũ lina alama sita, kwa njia ya pili lina alama tisa. Mfumo mzuri huyageuza maandishi yote yawe ya mtindo mmoja kabla ya kuyahifadhi na kabla ya kuyatafuta. Mtindo unaopendekezwa kwa kurasa za mtandao ni ule wa herufi iliyoungana, uitwao NFC. Kwa ng', ofisi ichague alama moja na kuishikilia.

Basi ukurasa unapaswa kuanzaje? Maneno muhimu ni machache kuliko watu wanavyodhani:

```
<!DOCTYPE html>
<html lang="sw">
<head>
<meta charset="utf-8">
```

Mstari wa mwisho ndio kibandiko cha chupa. Lazima uwe ndani ya baiti 1,024 za kwanza za ukurasa, la sivyo huenda kivinjari kikakisia kabla ya kuufikia. Tena kibandiko hakibadilishi kilichomo: faili yenyewe lazima ihifadhiwe kwa UTF-8, na hifadhidata nayo iwe ya Yunikodi. Kuna mtego mmoja hapa. Seva hutuma maelezo yake kabla ya ukurasa, na maelezo hayo yakitaja jedwali jingine, kivinjari huiamini seva na kupuuza kilichoandikwa ndani. Fundi akiapa kwamba ameweka `utf-8` na bado unaona Å©, mwambie atazame mstari wa `Content-Type` unaotoka kwenye seva.

Ile `lang="sw"` ni jambo jingine kabisa, na watu huvichanganya. Sifa ya `lang` haihusiki na baiti. Haitaponya Å© hata ukiiandika mara kumi. Kazi yake ni kusema maandishi haya ni ya lugha gani, ili programu iyatendee ipasavyo. Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Ukurasa wa Kiswahili ukitangazwa kuwa ni `en`, kama ilivyo kwenye violezo vingi tunavyonakili, programu hiyo inaweza kusoma kwa matamshi ya Kiingereza. Sasa fikiria maneno wake, lake, pole, mate na tone, yote yameandikwa sawa na maneno ya Kiingereza. Msikilizaji atapata uji usio na sukari wala chumvi. Kikagua tahajia nacho, kikifuata tangazo hilo, hutia mstari mwekundu chini ya kila neno.

Misimbo ya lugha ina makosa yake ya kienyeji. Nimeona wakiandika `ke`, wakidhani nchi na lugha ni kitu kimoja. KE ni msimbo wa nchi. Kiswahili ni `sw`, na ukitaka kutaja kuwa ni cha Kenya utaandika `sw-KE`. Kosa la kuchekesha zaidi ni la anayeandika `ki` akifikiria kiambishi cha Kiswahili. Msimbo `ki` ni wa Kikuyu! Kikamba ni `kam`, Kimeru ni `mer`, na Dholuo ni `luo`. Ukiwa na neno la lugha nyingine ndani ya ukurasa wa Kiswahili, unaweza kulitenga peke yake kwa `<span lang="ki">Mũthoni</span>`. Kutangaza lugha, hata hivyo, hakuumbi sauti. Kama programu ya kusoma haina matamshi ya lugha hiyo, itatumia iliyo nayo.

Turudi kwa mwanafunzi wangu. Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikiwaeleza wahusika yale niliyokueleza, pamoja na nakala za karatasi zile tatu. Fundi wao, kijana msikivu, alielewa mara moja. Kibandiko cha ukurasa wa matokeo kilirekebishwa asubuhi moja, na kila Å© ikarudi kuwa ũ bila kugusa data. Fomu ya maombi ilibadilishwa kuwa ya UTF-8, na zile `&#361;` na `&#297;` zilizokwisha kuhifadhiwa zikageuzwa kuwa herufi kwa amri moja. Mhasibu alipotafuta tena, karo ya binti yule ilionekana.

Orodha ya mahafali haikuponyeka hivyo. Kila jina lenye alama ya kuuliza lilibidi litafutwe mwenyewe, apigiwe simu, aulizwe jina lake linaandikwaje. Mwanafunzi wangu alikaa na karani mmoja wiki nzima wakipiga simu hizo. Aliniambia kwamba wengi walipoulizwa walinyamaza kwanza, kisha wakauliza kama wanaruhusiwa kuweka kiwimbi.